Viungo vya pilau: kazi ya chumba kimoja isiyomsumbua jirani

Nyumba nyingi za kupanga za Manzese, Tandale, Buguruni na Mbagala zimejengwa kwa ramani moja: korido katikati, vyumba huku na huku, bomba na choo uani, na LUKU moja ukutani inayowahudumia wote. Ukuta unaokutenganisha na jirani ni tofali moja, na juu mara nyingi hauna dari. Akikohoa unamsikia. Mpangaji wa nyumba kama hii anayetaka kuongeza kipato hashindwi kwa kukosa wazo. Mawazo yapo tele, ila mengi yalibuniwa na watu wenye ua wao, mita yao na mlango wao.

Kabla ya kuuliza biashara inaingiza kiasi gani, uliza itagombana na nani. Kwenye chumba cha kupanga ugomvi huanzia sehemu tatu: umeme, harufu au kelele, na wageni wanaopitapita. Barafu na juisi zinauzika sana Dar es Salaam, lakini friza ndogo inaweza kula uniti moja au zaidi kila siku. Nyumba zilizo kwenye kundi la D1 la TANESCO hupata uniti 75 za mwezi kwa bei ya chini sana, na zinazozidi hapo bei hupanda mara kadhaa. Friza yako ikiisukuma nyumba nzima kuvuka mstari huo, kikao cha wapangaji kitaitishwa kabla barafu haijaganda. Cherehani haili umeme mwingi, lakini mteja huja usiku kabla ya harusi, na cherehani ya saa tano usiku inasikika vyumba vinne. Sabuni ya maji hutengenezwa kwa salfoniki, asidi inayounguza ngozi na macho, na mimi simshauri mtu aiweke kwenye chumba anacholala na mtoto. Kushona kofia za vito kwa mkono kunapita mitihani yote mitatu bila shida, ila kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, na kodi hapa hulipwa miezi mitatu au sita kwa mkupuo.

Kazi ninayotaka kuielezea kwa kina ni kuchambua, kuchanganya na kufunga viungo vya pilau. Haina kelele, haihitaji friza wala maji mengi, mali yote ya wiki inaingia kwenye ndoo mbili zenye vifuniko, na mteja hana sababu ya kugonga mlango wako. Kelele yake iko sehemu moja tu, kwenye kusaga, na kusaga hakufanyiki chumbani.

Kununua

Anza na kikapu cha viungo vitano: binzari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu. Wengine huongeza vingine, lakini hivi vitano ndivyo ambavyo mtu wa Pwani akivikosa kwenye pilau anauliza. Kariakoo utavipata vyote mtaa mmoja. Binzari nyembamba nyingi inayouzwa hapa hutoka India. Vinne vilivyobaki vinalimwa nchini: milima ya Amani wilayani Muheza na milima ya Uluguru mkoani Morogoro hutoa iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu, na karafuu zenye jina zaidi ni za Pemba na Unguja.

Nunua kiungo kizima, usinunue unga. Unga hauna ushahidi. Mdalasini uliosagwa unaweza kuwa umechanganywa na gome lolote, na bizari ya manjano ya unga imewahi kukutwa na rangi yenye madini ya risasi katika nchi za Asia ya Kusini. Kiungo kizima unaweza kukihoji kwa macho, kucha na meno ukiwa umesimama dukani.

Karafuu ibane kwa ukucha kwenye kichwa chake. Nzuri hutoa mafuta kidogo na harufu inapanda papo hapo. Iliyokwisha kukamuliwa mafuta kiwandani huwa kavu na nyepesi. Ukitaka uhakika zaidi, tupa chache kwenye glasi ya maji: nzuri huzama au husimama wima kichwa juu, iliyokamuliwa hulala juu ya maji. Halafu tazama makonyo, vile vijiti ambavyo maua ya karafuu yalishikia. Makonyo ni bidhaa halali yenye bei yake, ya chini sana, na muuzaji asiye mwaminifu huyachanganya ndani ya karafuu ili kuongeza uzito. Chota konzi moja, itandaze kiganjani, na kama vijiti vinaonekana bila kutafutwa, ondoka.

Pilipili manga ina ulaghai wake wa siku nyingi, mbegu za papai zilizokaushwa. Kwa mbali zinafanana. Ukiziangalia kwa karibu mbegu ya papai imerefuka kidogo kama yai, na ukiitafuna haiwashi kama pilipili. Kwenye maji mbegu nyingi za papai huelea ilhali pilipili iliyojaa huzama. Usihukumu kwa kuelea peke yake, kwa sababu hata pilipili changa isiyojaa huelea, lakini hiyo nayo ni hasara kwako.

Iliki ndiyo itakayokula pesa yako, basi ndiyo ya kuichungulia zaidi. Pasua maganda matano kutoka sehemu mbalimbali za gunia, siyo ya juu tu. Ndani mbegu ziwe nyeusi au kahawia iliyokolea, zenye kunata kidogo, na zijaze ganda. Mbegu nyeupe au zilizosinyaa ni za tunda lililochumwa changa. Ganda kubwa, jeupe na zuri kwa macho, lenye mbegu nne ndani, linakuuzia hewa.

Muuzaji atakwambia, “Dada, chukua tu, mzigo umeingia leo.” Mwambie asante kaka, halafu endelea kupasua.

Mwisho vunja kijiti cha mdalasini na karafuu moja. Vyote vikatike kwa sauti. Kikipinda badala ya kukatika kina unyevu, na unyevu unaulipia mara mbili: kwanza kama uzito dukani, kisha kama ukungu chumbani. Ukungu wa aina fulani huzalisha sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupika, na viungo huipata kama nafaka zinavyoipata.

Kuchambua na kuanika

Kazi ya chumbani ni hii, na ndiyo inayokutofautisha na pakiti za bei rahisi zinazoning’inia kila duka la Mangi. Tandaza kiungo kwenye sinia pana lenye rangi nyeupe, chini ya taa, kilo moja kwa jioni moja. Kwenye binzari nyembamba utakuta vijiti, mchanga, na vijiwe vidogo vya rangi ileile ya binzari. Pepeta kwanza kwa ungo ili makapi yatoke, kisha tumia chekeche la matundu madogo ili vumbi lishuke, na mawe utayaona yamebaki. Usiruke hatua hii kwa kisingizio kwamba viungo vitasagwa. Jiwe likisagwa halitoweki, linakuwa mchanga ndani ya pilau ya mtu, na mteja wa aina hiyo harudi.

Pepeta nje, uani, asubuhi watu wakiwa wametoka. Vumbi la pilipili manga likizagaa chumbani linapita juu ya ukuta usio na dari, na jirani mwenye mtoto mchanga ataanza kupiga chafya kabla yako. Hilo ndilo jambo pekee la kazi hii linaloweza kukuletea neno na wenzako.

Baada ya kuchambua, anika juani kwa saa mbili au tatu, siyo siku nzima. Lengo ni kuondoa unyevu uliokamatwa njiani. Jua la kutwa huondoka na mafuta yanayobeba harufu, na harufu ndiyo unayoiuza. Funika sinia kwa kipande cha chandarua kisafi kwa ajili ya nzi na kuku wa mwenye nyumba, na usianike upande ambao moshi wa mkaa unaelekea. Wapo wanaokaanga viungo kabla ya kusaga ili vinukie. Vinanukia kweli siku hiyo, lakini unga uliokaangwa hupoteza nguvu upesi ukikaa dukani, na kukaanga kilo tatu za viungo kwenye chumba kimoja ni kuwatangazia korido nzima.

Kusaga nje ya nyumba

Brenda ya jikoni haifai. Inapiga kelele, inapata moto baada ya dakika chache, na mdalasini utaichosha injini yake ndani ya mwezi. Peleka mzigo kwenye mashine ya kusagia viungo sokoni. Utalipa kwa kilo na utasubiri foleni.

Uliza mashine ilisaga nini kabla yako. Pilipili kali inayobaki ndani itaingia kwenye pilau yako, na karanga ni hatari zaidi, kwa kuwa kuna watu ambao karanga kidogo tu inawafikisha hospitali. Omba mashine isafishwe, na konzi ya kwanza ya unga wako itoe pembeni, usiifunge kwa ajili ya kuuza. Mashine zinazosaga pilipili asubuhi na viungo vitamu mchana zipo nyingi, na mwenye mashine hatakuambia usipomuuliza.

Kisha linakuja kosa linaloharibu mzigo wa wengi. Unga unapotoka kwenye mashine una joto. Ukiugusa unahisi. Mtu ana haraka, anauweka kwenye mfuko wa plastiki, anaufunga fundo na kupanda daladala. Akifika nyumbani mfuko umeingia ukungu kwa ndani kama kioo cha gari wakati wa mvua: ule ni mvuke uliotoka kwenye unga, umegeuka maji, na sasa unarudi kwenye unga. Baada ya wiki chache pakiti zina mabonge, na baada ya hapo harufu ya kuvunda. Nenda na ndoo pana yenye kifuniko. Unga ukitoka, uache wazi kwenye ndoo ukiwa umefunikwa kwa kitambaa kisafi cha pamba, ukoroge mara moja mbili kwa kijiko kikavu, na ufunike kwa kifuniko ukishapoa kabisa. Nyumbani utandaze tena kwenye sinia kwa muda kabla ya kupima.

Kuna njia ya kuikwepa hatua hii yote, nayo ni kuuza mchanganyiko mzima usiosagwa. Mama lishe wengi wanaupenda hivyo kwa sababu wanatwanga wenyewe kwenye kinu na wanaona wanachonunua. Viungo vizima vikikaa pakavu hubaki na nguvu kwa mwaka na zaidi, ilhali unga huanza kupoa ndani ya miezi michache. Kwa anayeanza ningesema anza na hivi vizima, unga ufuate ukishajua unauza pakiti ngapi kwa wiki.

Ndoo mbili na harufu za chumba

Chumba kimoja ni jiko, kabati la nguo, duka la dawa na kitanda kwa pamoja. Viungo vina tabia ya kutoa harufu, na vina tabia ya kuivuta pia. Ukiviweka karibu na mafuta ya taa, sabuni ya unga, dawa ya mbu au kifukizo cha udi, vitabeba harufu hiyo hadi kwenye sufuria ya mteja. Weka ndoo zako mbali na jiko na mbali na nguo, na siku unapopuliza dawa ya mbu hakikisha hakuna pakiti wala sinia lililo wazi.

Usiweke mzigo moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji, hasa wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo hewa ya Dar es Salaam imejaa maji. Saruji hupitisha unyevu. Weka ndoo juu ya ubao au kigoda. Kila ndoo iandikwe tarehe ya mzigo kwa kalamu isiyofutika, na mzigo wa zamani utoke kwanza. Wadudu wadogo wa kahawia wanaotoboa mifuko wakionekana kwenye ndoo moja, usichekeche ukauza kilichobaki. Chekeche haliwezi kuyatenga mayai yao. Mzigo huo umekwisha.

Kufunga kunahitaji mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, na mashine ndogo ya mkono ya kuzibia pakiti kwa joto. Mashine hii hupata moto kwa sekunde tu unapoibana. Pakiti 64 hazitafikisha hata sehemu ya kumi ya uniti moja, kwa hiyo hutakuwa na la kujieleza mbele ya LUKU. Jaribu kila pakiti ya kumi: izamishe kwenye bakuli la maji na uiminye polepole. Povu likitoka pembeni, muhuri haujashika, na pengine unga umekaa kwenye mdomo wa pakiti. Futa mdomo kwa kitambaa kikavu kabla ya kuziba.

Katika kila mzigo bakiza pakiti moja, usiiuze. Ifungue baada ya mwezi, unuse, uimimine kiganjani. Muda wa mwisho wa matumizi unaouandika kwenye lebo utoke kwenye pakiti hizi ulizozibakiza, usiuige kwenye pakiti ya mwingine.

Kuhusu plastiki, katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 ni la mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa vinaruhusiwa, ila viwe vinavyokidhi viwango. Usifunge kwenye zile nailoni nyepesi za bei chee. Zaidi ya sheria, haziwezi kuzuia harufu, na pakiti inayonukia sana kwa nje ni pakiti inayojimaliza yenyewe.

Hesabu ya kilo moja

Bei nitakazotumia hapa ni za mfano, ili uone njia. Sokoni hubadilika kila msimu, hivyo weka zako mahali pa hizi.

Tuseme mpangaji wa Manzese anatengeneza kilo moja: binzari nyembamba gramu 500, pilipili manga 200, mdalasini 150, iliki 75 na karafuu 75. Binzari kwa shilingi 14,000 kilo inamgharimu 7,000. Pilipili manga kwa 20,000 ni 4,000. Mdalasini kwa 12,000 ni 1,800. Iliki kwa 80,000 ni 6,000. Karafuu kwa 24,000 ni 1,800. Jumla 20,600. Angalia iliki: ni chini ya sehemu ya kumi ya uzito lakini inakaribia theluthi ya gharama. Ndiyo maana pakiti za bei ya kutupa huwa na iliki ya kunusa tu, na ndipo wewe unaweza kuwashinda.

Uchafu, vumbi na unga unaobaki kwenye mashine vitakula karibu gramu 40, kwa hiyo anabaki na gramu 960. Hapa kuna uamuzi wa akili. Badala ya kuuza kwa gramu ambazo mnunuzi hapati picha yake, anafunga gramu 15, kiasi kinachotosha pilau ya kilo moja ya mchele, na anaandika hivyo kwenye lebo kwa herufi kubwa. Mama wa nyumbani anajua papo hapo anachonunua. Gramu 960 zinatoa pakiti 64.

Kifungashio na lebo, tuseme shilingi 80 kwa pakiti, ni 5,120. Kusaga 1,500. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ya mzigo, 2,000. Ukijumlisha na viungo unapata 29,220, yaani karibu shilingi 457 kwa pakiti. Akimpa mwenye duka kwa 600, naye akauza kwa bei yake, mauzo ni 38,400 na kinachobaki ni 9,180.

Sasa liingie jambo linaloua biashara hii, nalo ni mali kauli. Mwenye duka atasema, “Acha tu mdogo wangu, zikiisha nakutumia.” Pakiti sita tu zisipolipwa, umepoteza 3,600, na faida imeshuka hadi 5,580. Pakiti kumi na sita zisipolipwa, umefanya kazi ya bure na bado umeongezea pesa yako mfukoni mwa mtu. Nafuu ni kumwachia mwenye duka jipya pakiti sita na siyo ishirini, uandike kwenye daftari mbele yake, na upite baada ya wiki. Akilipa, mwachie kumi. Asipolipa, chukua zilizobaki kwa heshima, usirudi.

Mauzo bora zaidi yako kwa mama lishe. Yeye hahitaji pakiti ndogo wala lebo ya rangi. Anahitaji robo kilo kila wiki, siku ileile, ya ladha ileile. Kwake unaokoa gharama ya vifungashio na unalipwa mkononi. Wanne wa aina hii wanamaliza kilo yako moja bila duka hata moja. Pilau hupikwa zaidi Ijumaa na Jumapili, basi mzigo wao ufike Alhamisi. Majuma ya Idi na Krismasi mahitaji hupanda sana, na bei ya iliki Kariakoo hupanda nayo, kwa hiyo nunua wiki tatu kabla.

Kuhusu vibali

Hapa watoa ushauri wengi hunyamaza. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara umekuwa chini ya TBS, na wakaguzi hutaka eneo la kusindika chakula litengwe na mahali pa kulala. Chumba chenye kitanda hakitapita. Ukitaka pakiti zako ziingie supamaketi zikiwa na alama ya ubora, itabidi usagie na kufungia mahali palipokubalika.

Mpangaji anaweza kufika huko bila kujenga. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi za mikoa, na Dar es Salaam liko Vingunguti. Linatoa mafunzo ya usindikaji wa chakula na kuwaongoza wajasiriamali wadogo kuelekea TBS. Uliza mambo mawili mahsusi: kama kuna nafasi ya kusindikia kwa zamu, na kama kuna kikundi chenye eneo lililokwisha kukaguliwa kinachopokea mwanachama. Kwa njia hiyo kuchagua na kununua vinabaki kwako, kusaga na kufunga vinahamia huko, na chumba kinabaki cha kulala na kuhifadhi daftari. Faida kwa pakiti itapungua kidogo, lakini hutakuwa unajificha.

Lebo iwe na jina la bidhaa, orodha ya viungo kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na jina na mawasiliano ya mtengenezaji. Namba ya toleo si urembo: mteja akilalamika, ndiyo itakayokuonyesha ni mzigo gani na mashine ya siku gani. Mizani unayouzia inatakiwa iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. TIN ya TRA hutolewa bure, na kuwa nayo mapema kunakurahisishia kufungua akaunti ya biashara na kupokea malipo kwa Lipa Namba.

Mwambie na mwenye nyumba. Usisubiri aambiwe na mpangaji mwenzako. Mweleze kwamba husagi ndani, hupiki, huleti wateja na hutumii umeme zaidi ya taa yako na mashine ndogo ya kuzibia pakiti. Mpe pakiti moja akapikie. Nyumba nyingi mikataba yake ni ya mdomo au ya karatasi moja yenye kipengele cha kutofanya biashara ndani, na aliyeikubali kazi yako leo ana shida kukutoa kwa sababu yake kesho.

Kwa hesabu ile ya mfano, kilo mbili kwa wiki zinaacha kama shilingi 73,000 kwa mwezi, kama kila pakiti imelipwa. Hiyo ni sehemu ya kodi, siyo mshahara. Kuvuka hapo kunahitaji mama lishe wengi zaidi na eneo la kusagia lililokubalika, kwa sababu chumba kimoja, hata kikipangwa vizuri namna gani, kilo tano kwa wiki ndiyo kikomo chake kabla sinia halijaanza kulala kitandani. Ukiamua kujaribu, nunua viungo vya kilo moja tu, uwauzie mama lishe wawili wa mtaani kwako vikiwa vizima, na usichapishe lebo hata moja mpaka wote wawili wakuulize utarudi lini.